RCD Inayojikata Kila Grainda Ikiwashwa: Itazameni Ekstensheni Kwanza

Swali: Ninasimamia ujenzi wa nyumba ya ghorofa mbili huku Kisauni, Mombasa. RCD, yaani kifaa kinachokata umeme unapovuja, kwenye bodi yetu ya umeme ya muda hujikata kila tunapowasha grainda kwa ekstensheni, lakini ekstensheni ikiwa haina kitu haijikati. Tulibadilisha grainda, ikajikata vilevile. Sasa fundi ameiruka RCD kwa kipande cha waya, akisema imeharibika na breka inatosha. Je, tuendelee hivyo mpaka tununue nyingine?

Jibu: Hapana, ndugu msimamizi. Zimeni bodi hiyo leo, na asitumie mtu mashine yoyote ya umeme mpaka kipande hicho cha waya kitolewe. Dalili mlizoziona hazielekezi kwenye RCD mbovu. Zinaelekeza kwenye ekstensheni yenyewe.

Nianze na breka, kwa kuwa hoja hiyo ya fundi ndiyo inayoua watu. Umeme wetu ni volti 240. Mtu aliyelowa jasho, anayesimama kwenye tope au zege bichi, mwili wake unaweza kuuzuia umeme kwa kiasi cha omu 1,500 tu, na pengine chini ya hapo. Ukigawanya 240 kwa 1,500 unapata ampia 0.16, yaani miliampia 160, kiasi kinachoweza kuuvuruga moyo usipige tena sawasawa. Breka ya ampia 32 haina habari na kiasi hicho, kwani grainda kubwa peke yake huvuta ampia 8 na breka ikatulia. Breka imewekwa kuulinda waya usiungue. RCD hufanya kazi nyingine: hulinganisha umeme unaotoka kwa waya wa moto na ule unaorudi kwa nyutro, na tofauti ikifika miliampia 30 hukata. Tofauti ikiwa miliampia 150 au zaidi, kama kwa mtu wa mfano wetu, inatakiwa kukata ndani ya sekunde 0.04. Mtu huyo atashtuka na huenda akaanguka, kwa maana RCD haipunguzi nguvu ya umeme, inapunguza muda wake. Lakini moyo wake una nafasi kubwa ya kusalimika. Aliyeshika waya wa moto kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine, hali amesimama pakavu, RCD haimwoni kabisa.

Sasa tutazame kwa nini inajikata grainda inapowashwa tu. Lau waya wa moto ungekuwa umegusana na waya wa ardhi ndani ya ekstensheni, RCD ingejikata papo hapo mnapoichomeka, hata bila mashine. Lau ubovu ungekuwa wa grainda, mngeuondoa mlipoibadilisha. Kinachobaki, na ambacho nimekikuta mara nyingi kwenye ekstensheni zilizoburutwa juu ya nondo na kukanyagwa na toroli, ni nyutro iliyogusana na waya wa ardhi. Ekstensheni ikiwa tupu, nyutro hairudishi umeme wowote na volti iliyo baina yake na ardhi ni ndogo mno, kwa hiyo RCD haioni kitu. Mashine yoyote ikiwashwa, umeme unaporudi hukuta njia mbili, na sehemu yake hupotelea kwenye waya wa ardhi. Kwa grainda inayovuta ampia 8, ikipotea sehemu moja tu kati ya mia mbili, hiyo ni miliampia 40, na RCD hukata kama ilivyoundwa kukata.

Kuthibitisha hakuhitaji umeme. Ng'oeni ekstensheni kwenye bodi, ondoeni kila kilichochomekwa, inyoosheni yote chini mahali pakavu, kisha mpitishe mkono juu yake pole pole kutoka plagi hadi soketi. Mnatafuta gamba lililochubuka, mahali palipobonyea, tepu iliyofungwa, na waya za rangi zinazochungulia pale gamba la nje lilipovutika kutoka kwenye plagi. Baadaye pimeni kwa multimita baina ya pini za plagi, mbili mbili, mkiikunja ekstensheni kila baada ya hatua moja. Pini mbili zikionyesha kuunganika mahali fulani pakunjwapo, hapo ndipo pabovu. Multimita ikikaa kimya msiridhike, kwa kuwa betri yake ndogo haioni unyevu. Mwachieni fundi mwenye kipimo cha kinga ya waya kinachotoa volti 500. Kisomo kikiwa chini ya megaomu 1, ekstensheni hiyo haifai. Apime pia waya wa ardhi kutoka pini yake mpaka soketi: kwa waya wa milimita mraba 1.5 wenye urefu wa mita 25, kisomo kiwe karibu na omu 0.3. Waya wa ardhi uliokatika hautoi dalili yoyote, na mashine yenye kasha la chuma itakaa na umeme ikimsubiri mtu aiguse.

Tepu si matengenezo. Hapa pwani hewa ina chumvi, na maji yakishaingia kwenye gamba lililopasuka husafiri ndani baina ya nyuzi za shaba hadi mbali na jeraha lenyewe. Kama pabovu pako karibu na ncha, kateni mpaka mkute shaba inayong'aa, si ya kijani wala nyeusi, kisha mfunge plagi au soketi upya, gamba la nje likibanwa vizuri ndani yake. Kama ni katikati, ikateni iwe ekstensheni mbili fupi.

Kukitoa kile kipande cha waya kilichoiruka RCD ndani ya bodi ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, nanyi mna haki ya kumtazama anavyoizima bodi. Azime swichi kuu, aifunge kwa kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwake yeye, na aache kibao chenye jina lake. Kama mna jenereta, aifungie nayo isiweze kuwaka, maana umeme wa KPLC, shirika la umeme, unapokatika yuko mtu atakayekimbilia kuiwasha akidhani anasaidia. Kisha achukue kipimo cha ncha mbili, akijaribu kwanza mahali anapojua pana umeme, apime waya wa moto na nyutro, waya wa moto na ardhi, nyutro na ardhi, halafu arudi kukijaribu tena mahali pale pale penye umeme. Jaribio hilo la mwisho ndilo linaloonyesha kwamba kipimo hakikufa katikati ya kazi. Testa ya bisibisi haitoshi hapa. Akiwa juu ya ubao mkavu, taa yake inaweza isiwake ilhali waya una umeme. Akumbuke pia kwamba upande wa juu wa swichi kuu, unakoingia umeme wa KPLC, unabaki hai hata swichi ikiwa imefungwa.

RCD ikisharudi kazini, chomekeni grainda moja kwa moja kwenye soketi ya bodi, bila ekstensheni. Ikifanya kazi bila kukata, jibu mmelipata. Ikikata, hapo fundi aipime RCD kwa kifaa chake ili ajue inakata kwa miliampia ngapi, na apime pia uvujaji wa grainda, kabla ya kununua nyingine. Kila asubuhi kabla ya kazi bonyezeni kitufe cha T kwenye RCD, nayo inatakiwa ijikate. Kitufe hicho hujaribu mtambo wa RCD peke yake, na kitafanya kazi hata kama nondo yenu ya ardhi imeng'olewa na shepe, kwa hiyo nondo hiyo na waya wake vitazameni kwa macho asubuhi hiyo hiyo.