Jina la jukwaani libaki jukwaani: usilipeleke kwenye mkataba likiwa peke yake

"Wakuu, jina langu la kisanii limeanza kujulikana na nyimbo nne ziko tayari kutoka. Meneja anasema nitumie hilo hilo kila mahali, kwenye mkataba na kwenye fomu zote, halafu baadaye nibadili vyeti vyangu vifanane nalo. Je, ni sawa?"

Mkuu, usisaini kitu chochote wiki hii. Ushauri huo nilipewa mimi pia, na aliyenipa alikuwa meneja mwenye maneno matamu ambaye mpaka leo akaunti yake haijawahi kukwama. Aliniambia kwamba sheria inalitambua jina la kubuni. Hapo alisema nusu ya kweli, na nusu hiyo ndiyo iliyoniponza. Mkataba wa Bern, ule wa kimataifa wa hakimiliki ambao Tanzania ni mwanachama, unamtambua mtunzi hata akitumia jina la kubuni, mradi jina hilo lisiache shaka kuhusu mtu mwenyewe. Lakini kutambuliwa kuwa mtunzi ni jambo moja, na fedha kuingia kwenye akaunti yako ni jambo jingine kabisa. Benki husoma kitambulisho cha Taifa, haisomi bango la tamasha.

Kosa lenyewe lilifanyika kwenye fomu ya kusambaza muziki. Kuna sehemu ya Artist, na hapo jina la kisanii ndilo linalotakiwa. Chini yake kuna sehemu ya Songwriter, na hapo panatakiwa jina halisi la aliyetunga. Meneja akajaza jina la kisanii sehemu zote mbili. Baadaye nilipojiunga na chama cha kukusanya mirabaha nilitumia kitambulisho changu, kwa hiyo nikaingia kwa majina yangu matatu, na hakuna aliyeandika popote kwamba majina hayo na lile la kisanii ni ya mtu mmoja. Matokeo yake ni kwamba wimbo ule ule ulionekana kuwa na watunzi wawili tofauti, kila mmoja akidai utunzi wote. Madai yakigongana namna hiyo fedha huzuiwa mpaka mgogoro uishe, na mgogoro wenyewe ulikuwa kati yangu na mimi.

Kinachoniuma ni kwamba mfumo umeshaweka nafasi ya jambo hili. Vyama vya watunzi duniani hutumia namba za IPI. Mtu mmoja hupewa namba moja ya msingi inayomtambulisha yeye mwenyewe, kisha kila jina analotumia hupewa namba yake ya tarakimu 11 chini ya ile ya msingi. Jina la kuzaliwa na jina la kisanii vinakaa pamoja bila kugombana, lakini ni lazima wewe ulitaje jina la kisanii siku unayojaza fomu ya uanachama. Ili kujua kama mambo yako yameharibika, omba chama chako kitafute majina yote mawili: yakitoka chini ya namba mbili za msingi, tayari umekuwa watu wawili, na utahitaji kuandika barua ya kuomba rekodi hizo ziunganishwe, ukiambatanisha kitambulisho na mkataba unaotaja majina yote mawili. Mimi sikuwa na mkataba wa namna hiyo, ndiyo maana nilihangaika.

Kwa hiyo mstari wa kwanza wa mkataba wako uwe hivi: "Mimi, (majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha Taifa), ninayefahamika kisanii kama (jina la kisanii), ambaye katika mkataba huu nitaitwa Msanii." Angalia herufi moja moja. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed na kitambulisho kinasema Muhamed, rekebisha hilo kwanza, kwa sababu tofauti hiyo ndogo itakufuata hadi kwenye pasipoti.

Na kubadili vyeti, acha. Mwana FA ni mbunge wa Muheza tangu 2020, na bungeni aliingia kama Hamis Mwinjuma. Profesa Jay alichaguliwa Mikumi mwaka 2015 kwa jina la Joseph Haule. Hakuna shabiki aliyewapotea kwa sababu hiyo. Wewe ukibadili, cheti chako cha kidato cha nne kitabaki na jina la zamani, na kila ofisi utakayoingia utadaiwa hati ya kiapo ya kueleza kwamba huyu na yule ni mtu mmoja.

Hizo nyimbo nne, kabla hazijatoka, mwombe meneja akufungulie fomu uisome mwenyewe kwenye sehemu ya Songwriter. Akisita kukuonyesha, usimpe hata wimbo mmoja.