Pima mwili, afu pima na nguo yenyewe

*Swali la wiki: Mwili umebadilika na kabati limejaa nguo za zamani. Unajuaje ipi bado inakutosha na ipi uitoe?*

Mi nilinenepa kilo saba, nikawa nazijaribu moja moja mpaka nachoka, na ikipanda tu nasema inatosha, kumbe nikikaa chini kifungo kinanikata. Siku hizi naanza na futi ya fundi. Napima asubuhi kabla sijala maana jioni kiuno huwa kimeongezeka kidogo, nimevaa nguo nyepesi ya ndani, napumua kawaida bila kubana tumbo, na futi inazunguka usawa mmoja mbele na nyuma. Mara ya mwisho kifua kilikuwa sentimita 98, kiuno 84, hipsi 104.

Afu naitandaza nguo mezani, nafunga zipu na vifungo, napima upana bila kuivuta kisha nazidisha mara mbili. Kitambaa kisichovutika lazima kiuzidi mwili, mi kiunoni naachia kama 2, hipsi 5 au zaidi, kifuani kama 6 ili mikono iweze kwenda mbele. Cha kuvutika kama cha fulana hakifuati hesabu hii, hicho kinaweza kuwa kidogo kuliko mwili na bado kikakaa vizuri.

Sketi yangu ya kazini nilikuwa nishaitia kwenye mfuko wa kugawa. Kuipima hipsi ni 55, yaani 110, nafasi ipo ya kutosha, ila kiunoni 41, yaani 82, na mi nataka 86. Pungufu 4 tu! Nikaigeuza ndani nione akiba ya mshono, nikakuta sentimita 2 kila upande. Ukitoa sentimita 1 unapata 4, kwa sababu mishono ya ubavuni ni miwili na kila mmoja una vipande viwili, cha mbele na cha nyuma, na bado inabaki 1 ya kushikilia. Kabla fundi hajaifungua yote nikamwomba afumue kidogo tu karibu na pindo, maana kitambaa kilichopauka kinaacha mstari wa rangi ya zamani, na vingine vinabaki na matundu ya sindano. Yangu ilikuwa safi, akaongeza na kipande kwenye mkanda wa kiuno, naivaa mpaka leo.

Blauzi ya seti hiyohiyo ilinishinda. Kifuani ni 49, yaani 98 sawasawa na mwili wangu, vifungo vinaachana hata nikisimama wima, na ndani akiba haifiki hata sentimita moja, imeshonwa ovaloki hadi ukingoni. Hapo hakuna fundi atakayekusaidia, nikaitoa.

Na kwa waliopungua, angalieni bega kwanza. Ubavu unapunguzwa kirahisi ila mshono wa bega ukishateremka sentimita 2 au 3 kwenye mkono, fundi itabidi afumue mikono yote na kuikata upya, na mi kazi hiyo naifanyia nguo ninayoipenda sana tu, zingine nagawa.