Ajira ya pili na ile asilimia 30: slipu ya Uyole ilivyonifundisha hesabu

Slipu yangu ya kwanza kutoka kazi yangu ya pili kule Uyole niliisoma mara tatu nikiwa bado ndani ya daladala. Mshahara 200,000, kodi 60,000, mkononi 140,000. Nilidhani mhasibu kaongeza sifuri. Mchana nafanya kazi ya maabara kwenye zahanati moja binafsi hapa Mbeya, karibu na Mwanjelwa. Huko nalipwa 400,000 na kodi yake ni 10,400 tu. Iweje nusu ya mshahara ule ikatwe kodi karibu mara sita?

Nilimpigia mhasibu wa Uyole kabla sijafika nyumbani. Dada wa watu alikuwa mpole. "Kaka, wewe si uliandika kwenye fomu kwamba una mwajiri mwingine? Basi hapa kwetu ni ajira ya pili. Ajira ya pili haina ngazi, ni asilimia 30 kuanzia shilingi ya kwanza."

Alikuwa sahihi, ingawa siku ile nilimwona mnyang'anyi.

Mambo yako hivi. Kwa Tanzania Bara, mshahara unakatwa kodi kwa ngazi, na ngazi zinazotumika tangu Julai 2021 zinaanza na 270,000 ya mwezi isiyoguswa kabisa. Kinachozidi hapo mpaka 520,000 kinatozwa asilimia 8, halafu 20 mpaka 760,000, halafu 25 mpaka milioni moja, na kila kinachovuka milioni ni asilimia 30. Ile 270,000 ya bure ni ya kwako wewe mtu mmoja, haiongezeki kwa sababu umepata waajiri wawili. Mwajiri wa kwanza akishaitumia, wa pili hana cha kukusamehe. Na kwa kuwa hajui kule kwingine unalipwa ngapi, sheria inamwambia akate kiwango cha juu kabisa. Majirani zetu Kenya nao wana unafuu wao binafsi wa shilingi 2,400 kwa mwezi, na wenyewe unatolewa na mwajiri mmoja tu.

Wengi wakishafahamu hapo wananung'unika na kuishia hapo. Mimi pia niliishia hapo miezi kadhaa. Kilichonizindua ni kujumlisha mishahara yote miwili kama vile inatoka mfuko mmoja. 400,000 na 200,000 ni 600,000. (Nazungumzia kiasi kinachobaki baada ya mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, maana kodi inakokotolewa hapo.) Ukiipeleka 600,000 kwenye ngazi, zile 250,000 za kati zinatoa kodi ya 20,000, na zile 80,000 za juu zinatoa 16,000. Jumla 36,000. Hiyo ndiyo kodi ninayodaiwa kwa mwezi. Lakini nilikuwa nakatwa 10,400 Mwanjelwa na 60,000 Uyole, yaani 70,400. Kila mwezi nilikuwa nimezidisha 34,400. Kwa mwaka mzima ni 412,800, zaidi ya mshahara wangu wa mwezi wa kazi kubwa.

Kwa hiyo ile asilimia 30 si hukumu ya mwisho. Ni malipo ya awali, na hesabu kamili ni ya mwaka. Anayeumia zaidi ni mwenye mishahara miwili midogo kama mimi. Kama kazi yako ya kwanza tayari inatozwa juu ya milioni moja, usisumbuke: shilingi ya kazi ya pili ingekatwa asilimia 30 hata kama ingetoka kwa mwajiri yule yule.

Sasa kuna upande wa pili ambao ni hatari zaidi, kwa sababu hauumi mapema. Rafiki yangu mwalimu, yuko Iringa, anatozwa kodi kwenye 810,000 shuleni kwake na jioni anafundisha chuo kimoja kwa 300,000. Chuoni hakusema kwamba ana ajira nyingine, nao hawakuuliza. Wakampitisha kwenye ngazi kana kwamba ndiyo kazi yake pekee, wakawa wanamkata 2,400. Alikuwa ananicheka na slipu yangu. Tukakaa na kalamu. Shuleni alikuwa anakatwa 80,500. Mishahara yote miwili pamoja ni 1,110,000, na kodi yake kwenye ngazi ni 161,000. Alichokuwa analipa ni 82,900. Upungufu ni 78,100 kila mwezi, na kwa miezi 12 ni 937,200. Alinyamaza, akaomba chai nyingine. Kama wangemkata 90,000 zinazotakiwa, angekuwa amezidisha 9,500 tu kwa mwezi. Alienda chuoni mwenyewe wiki ile ile akawaeleza. Kwa hiyo ukiona kazi ya pili inakukata kidogo mno, usishangilie.

Kosa langu mimi lilikuwa jingine. Mwaka ulipoisha nilitaka hati ya kodi iliyokatwa kutoka kwa waajiri wote wawili. Hii ni hati ya mwaka, inatakiwa kutolewa mwezi wa Januari, na si sawa na slipu. Mwanjelwa walinipa. Uyole hati ilikuja ikiwa na jina langu lakini bila TIN, yaani namba yangu ya mlipakodi, kwa sababu siku naanza niliacha nafasi ile wazi nikisema nitaileta kesho. Kesho ile ikawa mwaka mzima. Ikabidi wasahihishe taarifa walizokwisha kupeleka mamlaka ya mapato, na mimi nikawa napanda bajaji kwenda na kurudi katikati ya mvua za Machi. Kodi iliyokatwa lakini isiyosomeka kwenye TIN yako ni vigumu kuidai, maana kwa mfumo wewe hujalipa.

Hati zilipokaa sawa nilijaza ritani ya mapato ya mwaka, ambayo mwisho wake ni tarehe 30 Juni kwa mwaka ulioishia Desemba. Unaweka mapato ya pande zote mbili, unaweka kodi yote iliyokatwa, na tofauti inajionyesha: kodi yangu ya mwaka 432,000, iliyokatwa 844,800. Ile ziada hairudi yenyewe kwa kuonekana tu kwenye ritani. Niliandika ombi la kurejeshewa, nikaambatanisha hati zote mbili na slipu za miezi yote. Pesa ya namna hii usiipangie ada ya mtoto, ombi linapitiwa kwanza.

Jambo jingine dogo lenye uzito: hakikisha kazi yenye mshahara mkubwa ndiyo iliyoandikwa kuwa ya kwanza. Ningeigeuza yangu, Uyole wasingenikata kitu kwa sababu 200,000 iko chini ya 270,000, lakini Mwanjelwa wangekata asilimia 30 ya 400,000, yaani 120,000. Mwisho wa mwaka hesabu ingekuwa ile ile, ila mwaka mzima ningekuwa nimeishi na pesa pungufu. Kuna muuguzi tunayepokezana zamu ya usiku ambaye yuko hivyo hadi leo, kwa sababu tu kazi ndogo ndiyo aliyoanza nayo. Nimemwambia aandike barua kwa waajiri wote wawili kabla mshahara wa mwezi huu haujaandaliwa, na TIN aiweke juu kabisa.