Namba ya daraja: kusoma pengo kati ya Njia ya Maisha na namba ya jina

Ninyi mnaoanza kusoma namba za watu kwa numerolojia mtagundua mapema kwamba mteja akishaambiwa Njia yake ya Maisha na namba ya jina lake, swali linalofuata huwa lilelile: "Mbona hizi mbili hazifanani?" Namba ya daraja ndiyo hujibu swali hilo. Kuipata ni rahisi, kwa kuwa ni tofauti kati ya namba hizo mbili, ndogo ikitolewa katika kubwa. Kuieleza ndiko kunakotutoa jasho, na mimi mwenyewe niliikosea kwa muda mrefu kabla sijaielewa.

Nitatumia kisa cha mteja mmoja. Jina na tarehe nimevibadilisha, ila namba zilizotoka ni zilezile. Tumwite Rehema Saidi Juma, na tuseme alizaliwa tarehe 14 Machi 1988. Siku, 14, inapunguzwa kwa kujumlisha tarakimu zake, 1 na 4, na kuwa 5. Mwezi ni 3. Mwaka, 1988, unajumlishwa kuwa 26, kisha 8. Ukijumlisha 5, 3 na 8 unapata 16, na 16 inakuwa 7. Hiyo ndiyo Njia ya Maisha, yaani somo ambalo mtu anatarajiwa kulipitia.

Kwa jina tunatumia jedwali la Pithagora: A hadi I ni 1 hadi 9, J hadi R ni 1 hadi 9 tena, na S hadi Z ni 1 hadi 8. Jina linalohesabiwa ni lile kamili alilopewa mtu alipozaliwa. Jina la ndoa au la utani halihusiki hapa. Herufi za Rehema zinafika 32, ambayo ni 5; za Saidi 24, ambayo ni 6; za Juma ni 9. Jumla ya 5, 6 na 9 ni 20, nayo inakuwa 2. Hiyo ni namba ya jina, ambayo wengine huiita namba ya udhihirisho, yaani vipawa ambavyo mtu amekuja navyo. Toa 2 katika 7, na daraja ni 5.

Hapa ndipo nilipojikwaa. Mara ya kwanza sikupunguza jina moja moja, bali nilijumlisha herufi zote kwa pamoja: 32, 24 na 9 zikanipa 65, na 65 ikanipa 11. Kwa kuwa 11 ni miongoni mwa namba kuu, niliiacha jinsi ilivyo, nikatoa 7, nikapata daraja la 4. Daraja la 4 humwita mtu kwenye utaratibu, ratiba na subira, ilhali la 5 humwita kwenye mabadiliko na kuthubutu. Kwa hiyo nilimshauri mama wa watu kinyume kabisa cha kile ambacho chati yake ilikuwa ikisema. Kanuni inayofuatwa na wasomaji wengi ni kwamba 11, 22 na 33 hupunguzwa kuwa 2, 4 na 6 kabla ya kutoa, hata kama zitasomwa kama namba kuu mahali pengine katika chati. Njia ya kujikagua ni kuhesabu jina kwa namna zote mbili: baada ya kupunguza hadi tarakimu moja, majibu lazima yalingane. Yasipolingana, umekosea kujumlisha au umeacha namba kuu bila kuipunguza. Vilevile daraja haliwezi kuzidi 8, kwa sababu tofauti kubwa kabisa inayowezekana ni ile ya 1 na 9.

Kosa la pili si la hesabu, na kwa maoni yangu ndilo zito zaidi. Msomaji mpya hupata 5, hufungua orodha ya maana za madaraja, humsomea mteja mistari mitatu na kufunga daftari. Lakini 5 inatokana pia na 1 na 6, na 3 na 8, na 4 na 9. Hata 2 na 7 zenyewe zaweza kubadilishana nafasi. Kutoa hakuoneshi mwelekeo, na daraja lisilojulikana linaunganisha kingo zipi halimpeleki mtu popote. Rehema ana vipawa vya 2: kusikiliza, kupatanisha, kuhisi mwenzake anataka nini kabla hajasema. Somo lake ni la 7: upweke wa kuchunguza, kuuliza maswali, kuwa na msimamo alioufikia kwa kufikiri mwenyewe. Tatizo lake ni kwamba watu wanamjaza siku nzima na nafasi ya kufikiri haipatikani. Angekuwa na jina la 7 na Njia ya 2, daraja lingebaki 5 lakini ushauri ungegeuka: angekuwa mtu aliyejifungia na mawazo yake, ambaye anahitaji kuthubutu kuwafungulia wengine mlango.

Kwa hiyo mimi hueleza kwa mpangilio huu: kwanza kipawa, halafu somo, halafu mahali vinapogongana katika maisha ya kila siku, na daraja mwishoni kabisa. Nilipofika kwenye mgongano, nilimwuliza ni lini mara ya mwisho alikaa saa moja bila kumjibu mtu. Alicheka, kisha akanyamaza.

"Basi unaniambia niache kazi, mwalimu?" akauliza, maana alishasoma mahali fulani kwamba 5 ni namba ya mabadiliko.

"Hapana, dada. Namba hizi haziijui kazi yako wala kodi yako. Ninachokisoma ni kwamba umezoea kusubiri kila mtu aridhike ndipo ukae peke yako, na hawaridhiki wote. Vunja mazoea hayo mahali padogo kwanza."

Jibu hilo ndilo mpaka wetu. Numerolojia haina uthibitisho wa kisayansi, na mteja ana haki ya kulisikia hilo kutoka kwako. Tunampa lugha ya kujitazama, na uamuzi wa kazi, fedha, ndoa au matibabu haupaswi kutegemea tofauti ya tarakimu mbili.

Tulikubaliana mambo manne kwa mwezi mmoja, kila wiki jambo moja: kukataa ombi dogo bila kutoa maelezo marefu; kwenda peke yake mahali asipopazoea; kuchagua somo moja la kulichunguza bila kumwuliza mtu kama linafaa; na kutoa maoni yake kabla hajasikia ya wengine. Yote ni ya 5 kwa sababu yanavunja mazoea, na yanatoka ukingo wa 2 kuelekea wa 7. Nilimweleza pia kwamba kuziba pengo hakuifanyi tofauti kuwa sifuri. Tarehe na jina la kuzaliwa havibadiliki, hivyo 7 kutoa 2 itabaki 5 maisha yake yote. Kinachopungua ni ile hali ya kipawa kuzuia somo.

Aliporudi alikuwa ametimiza mawili. La kukataa ombi lilimshinda, kwani alikataa asubuhi na jioni akapiga simu kuomba radhi. La kuchunguza somo alilipenda, na usikilizaji wake ulimsaidia humo, kwa sababu aliamua kulichunguza kwa kuwahoji wazee. Katika daftari langu niliandika kwamba 2 imeanza kuitumikia 7, na kwamba jambo la kukataa ombi lirudiwe mwezi unaofuata, safari hii bila simu ya jioni.