Molekuli ngapi zimepanda ngazi? Mgawanyo wa Boltzmann kwa mvuke wa iodini

Wewe unayeanza spektroskopia, kabla hujagusa kikokotoo linganisha namba mbili: pengo la nishati kati ya ngazi unazozishughulikia, na kT ya sampuli yako, yaani k, kiwango kisichobadilika cha Boltzmann, mara joto lake kwa kelvini. Watu wa spektra hupima nishati kwa cm⁻¹, na kwa kipimo hicho k ni 0.695 cm⁻¹ kwa kila kelvini. Kwa hiyo katika nyuzi 25 za selsiasi, yaani 298 K, kT ni karibu 207 cm⁻¹. Ikariri. Pengo likiizidi mara kumi, ngazi ya juu iko karibu tupu. Likiwa dogo sana kuliko 207, molekuli zimetapakaa kwenye ngazi nyingi. Vikikaribiana, makisio ya haraka hayatoshi, itabidi ukokotoe.

Iodini iko hapo katikati, ndiyo maana inafaa kujifunzia. Atomu zake mbili ni nzito na kifungo chake ni dhaifu, kwa hiyo mtetemo wake una pengo dogo: 214.5 cm⁻¹. Tuanze na uwiano wa molekuli zilizo kwenye ngazi ya kwanza ya mtetemo (v = 1) kwa zile zilizo chini kabisa (v = 0):

N₁/N₀ = (g₁/g₀) × exp(−ΔE/kT)

Herufi g ni idadi ya hali zenye nishati ileile katika ngazi moja. Kwa mtetemo wa molekuli ya atomu mbili, kila ngazi ina hali moja tu, kwa hiyo g₁/g₀ ni 1 na tunaiacha kwa sasa. Njia fupi ya kupata kipeo ni kuzidisha pengo kwa 1.4388, yaani 1 ÷ 0.695, kisha kugawanya kwa kelvini: 1.4388 × 214.5 ÷ 298.15 = 1.035. Kwa hiyo exp(−1.035) = 0.355.

Hapa wengi huandika kwamba asilimia 35.5 ya molekuli ziko v = 1, na hapo wameshakosea. 0.355 ni uwiano, si sehemu ya jumla. Maana yake ni kwamba kwa kila molekuli 1,000 zilizo v = 0, kuna 355 kwenye v = 1. Na kwa kuwa mapengo yanakaribiana kwa ukubwa, hatua hiyo inajirudia: 126 kwenye v = 2, 45 kwenye v = 3, 16 kwenye v = 4, na kuendelea. Jumlisha zote utapata karibu 1,551. Sasa gawanya: 1,000 kwa 1,551 ni asilimia 64.5 kwenye v = 0, 355 kwa 1,551 ni asilimia 22.9 kwenye v = 1, na v = 2 inabaki na asilimia 8.1.

Jumla hiyo ya vizidishi vyote, yaani exp(−ΔE/kT) ya kila ngazi, ukianza na 1 kwa ngazi ya chini, ndiyo q. Ukiuita uwiano y, kwa mtetemo wenye mapengo sawa q = 1/(1 − y), na sehemu ya kila ngazi ni (1 − y) × yᵛ. Jambo linalochanganya ni kwamba sehemu ya molekuli zote zilizosisimka, yaani v = 1 na kupanda, ni y yenyewe: 35.5%. Kwa hiyo aliyekosea kwa v = 1 ameandika namba iliyo sahihi kwa swali jingine, na msahihishaji asiyekuwa makini anaweza kuipitisha. Soma swali vizuri: linataka ngazi moja, au zote zilizo juu ya ile ya chini?

Kusema kweli, mapengo ya iodini hayalingani kabisa. Pengo la kwanza halisi ni karibu 213.3 cm⁻¹, na yanayofuata yanapungua kidogo kidogo. Ukitumia 213.3, uwiano unakuwa 0.357 badala ya 0.355. Kwa kazi ya maabara ya chuo tofauti hiyo haina uzito, lakini kwa ngazi za juu sana fomula ya mapengo sawa haifai tena.

Makosa ya vipimo yana alama zake, na ukizijua utayakamata bila kuambiwa. Pengo letu ni sawa na kilojouli 2.566 kwa moli, na nishati ya moli huenda na R, kiwango cha gesi kwa moli nzima, si k. Ukichanganya jouli za moli nzima na k ya molekuli moja, kipeo kinakuwa kikubwa kupita kiasi na kikokotoo kinatoa sifuri. Ukisahau kugeuza kilojouli kuwa jouli huku R yako ni 8.314, unapata 0.999, kana kwamba ngazi mbili zimejaa sawasawa. Ukiweka 25 badala ya 298, unapata karibu 0.000004, jibu linaloonekana la heshima na ndiyo maana ni hatari zaidi. Kinga yake ni ile hatua ya mwanzo: pengo linalokaribia kT haliwezi kutoa jibu dogo namna hiyo.

Kosa jingine liko kwenye sifuri ya nishati. Hata ngazi ya chini kabisa ina nusu ya pengo kama nishati ya mtetemo. Unaweza kuihesabu au kuiacha, mradi ufanye hivyo juu na chini ya mgawanyo. Ukiiweka kwenye kipeo cha kila ngazi halafu ukatumia q iliyoanza na 1, sehemu zako zote kwa iodini zitajumlika kuwa 0.596 badala ya 1. Kwa hiyo kila mara jumlisha sehemu zako. Zisipofika 1, usiendelee.

Tupandishe joto. Ukizidisha kelvini mara mbili, kipeo kinagawanyika kwa mbili, na uwiano mpya unakuwa kipeuo cha pili cha ule wa zamani. Kwa kaboni monoksaidi, yenye pengo la 2,143 cm⁻¹, uwiano wa 298 K ni 0.000032, yaani molekuli kama tatu katika laki moja. Kwenye 596 K unakuwa 0.0057, ongezeko la zaidi ya mara 170. Kwa iodini, joto hilohilo linapandisha uwiano kutoka 0.355 hadi 0.596 tu, na sehemu ya v = 1 inatoka 22.9% hadi 24.1%. Karibu haijasogea! Sababu ni kwamba v = 1 inapokea kutoka chini huku ikitoa kwenda juu. Sehemu yake haiwezi kupita robo. Inaifikia pale uwiano unapokuwa nusu, kwenye 445 K hivi, na ukizidi kuchemsha inashuka, ingawa jumla ya zilizosisimka inazidi kupanda.

Hili lina athari ya moja kwa moja kwenye maabara. Mvuke wa iodini hufyonza mwanga wa kijani na njano, na kwenye spektra utaona mfululizo wa mabendi yanayoanzia v = 0, kisha ukielekea upande wa urefu mkubwa wa wimbi yanajitokeza yale yanayoanzia v = 1 na v = 2. Hayo huitwa mabendi ya moto, na kwa iodini yanaonekana hata kwenye joto la chumba, kama hesabu yetu inavyotarajia. Mwanafunzi hupasha kichupa kutoka nyuzi 25 hadi 50, anaona mabendi ya moto yameongezeka mara kadhaa, na anaandika kwamba Boltzmann amethibitishwa. Angalia hesabu: kati ya joto hizo mbili sehemu ya v = 1 inatoka 22.9% hadi 23.7% tu. Kilichoongezeka ni iodini yenyewe. Kama kuna fuwele chini ya kichupa, presha ya mvuke wake inapanda zaidi ya mara tano katika nyuzi hizo 25, na mabendi yote yanakua pamoja.

Dawa ni kulinganisha bendi na bendi ndani ya spektra moja, si spektra na spektra. Chagua bendi moja ya v = 1 na moja ya v = 0, gawanya ufyonzaji wake, na ufuatilie uwiano huo joto linapopanda. Unatarajia uongezeke kwa karibu asilimia 8 kutoka nyuzi 25 hadi 50, kwa hiyo mstari wa msingi wa spektrofotomita lazima uwe umetulia kweli. Usiuchukue uwiano wenyewe kuwa N₁/N₀, kwa sababu kila bendi ina nguvu yake ya kufyonza hata kama idadi ya molekuli ni sawa. Linganisha badiliko lake tu. Pia pima joto la gesi, si la hita: vioo vya kichupa vikiwa baridi kuliko mwili wake, iodini itaganda juu yake na mwanga utapungua kwa sababu isiyohusiana na ngazi.

Turudi kwenye g tuliyoiacha. Katika mzunguko wa molekuli, ngazi huhesabiwa kwa J kuanzia 0, na ngazi J ina hali 2J + 1, na ukiisahau jibu linapinduka. Kaboni monoksaidi ina kipimo cha mzunguko, B, cha 1.92 cm⁻¹ na nishati ya kila ngazi ni B × J(J + 1). Bila g, J = 0 ingekuwa na molekuli nyingi kuliko zote. Ukiweka g, q kwenye 298 K ni karibu 108, kwa hiyo J = 0 ina 0.9% tu. J = 7 ina hali 15, kila moja ikiwa na kizidishi 0.595. Hiyo ni 8.9, na ukigawanya kwa 108 unapata 8.3%, ngazi inayoongoza. Kumbe gesi ileile, kwenye joto lilelile, karibu haitetemi kabisa juu ya ngazi yake ya chini huku 99% ya molekuli zake zimesisimka kimzunguko. Kwa hiyo ukiulizwa ni sehemu gani imesisimka, uliza kwanza: imesisimka vipi?

Mistari ya mzunguko inakupa pia njia ya kupima joto kwa kurudi nyuma. Ukishapata N ya kila ngazi kutoka kwenye ukali wa mistari, chora logarithi asilia ya N/g dhidi ya nishati ya ngazi, na mteremko utakuwa −1/kT. Ukisahau kugawanya kwa g, nukta za mwanzo zitapanda kabla ya kushuka. Ikiwa umegawanya vizuri na grafu bado imepinda, kagua kwanza kama mistari mikali imejaa, yaani gesi ni nzito mno kiasi kwamba ufyonzaji hauongezeki tena kwa kadiri ya molekuli. Punguza presha urudie. Ikibaki imepinda, hasa kwa gesi iliyo kwenye mkondo wa umeme, huenda migongano haijapata nafasi ya kusawazisha ngazi. Hapo usilazimishe mstari mnyoofu kupita kwenye nukta zote, maana gesi hiyo haina joto moja la kuripoti.