Simu ya dakika kumi kutoka kwa ofisa wa ajira: mshahara, notisi na tarehe ya kuanza

Anayekupigia simu ya kwanza baada ya kutuma maombi mara nyingi si yule utakayefanya naye kazi. Ni ofisa rasilimali watu au wakala wa ajira mwenye majina mengi mbele yake, na kazi yake siku hiyo ni kuyapunguza. Hapimi sana ujuzi wako. Anajaza jedwali: jina, kazi ya sasa, mshahara wa sasa, mshahara unaotarajia, muda wa notisi, tarehe ya kuanza, mahali unapoishi. Jedwali hilo ndilo litakalopelekwa kwa meneja, na wewe hutakuwepo kufafanua ulichomaanisha. Kwa hiyo kila unachosema kiwe kinaweza kuandikwa kwenye kisanduku kimoja bila kupotoshwa. Wanaoshindwa kwenye simu hii wengi hawashindwi kwa sababu hawafai. Namba zao zimeandikwa vibaya.

Anza na mahali ulipo. Ukipigiwa ukiwa ndani ya daladala au bosi wako amekaa meza ya pili, usijilazimishe. Sema, "Asante kwa kunipigia. Kwa sasa sipo sehemu nzuri ya kuongea, naomba nikupigie leo saa saba na nusu mchana." Taja saa, na iwe siku hiyohiyo. Ukisema "nitakutafuta" bila saa, jina lako linahamia chini ya orodha. Kabla ya kukata, uliza jina lake, anapigia kutoka wapi na nafasi yenyewe ni ipi. Wakala anaweza kukataa kutaja jina la mwajiri, na hilo ni la kawaida. Lakini lazima aweze kukuambia ni kazi gani, iko mkoa gani na mkataba ni wa muda gani. Akiomba hela ya fomu, ya vipimo vya afya au ya "kushika nafasi", huyo si ofisa wa ajira. Kata simu.

Tuje kwenye mshahara, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanaumia. Anapouliza "Kwa sasa unalipwa kiasi gani?", yeye anafikiria mshahara kabla ya makato. Wewe, kama watu wengi, kichwani una kile kinachoingia benki. Tofauti ya hivyo viwili Tanzania Bara ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, hasa kwa aliyesoma kwa mkopo.

Chukua mhasibu wa kampuni binafsi Arusha mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 1,500,000, bila posho, na bado anadaiwa na Bodi ya Mikopo. NSSF inachukua asilimia 10, yaani 150,000. Inabaki 1,350,000 ya kukokotolea kodi. Kwa viwango vya PAYE vilivyoanza Julai 2021, anayezidi milioni moja hulipa 128,000 pamoja na asilimia 30 ya kilichozidi hiyo milioni. Hapa kilichozidi ni 350,000, asilimia 30 yake ni 105,000, hivyo kodi ni 233,000. Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 225,000. Mkononi anabaki na 892,000.

Sasa akiulizwa kwenye simu anajibu, "Napata kama laki tisa." Ofisa anaandika 900,000 kwenye kisanduku cha mshahara kabla ya makato. Wiki mbili baadaye inakuja ofa ya 1,100,000, na kwa upande wa mwajiri hiyo ni nyongeza nzuri ya zaidi ya asilimia 20. Ukiikokotoa kwa njia ileile, NSSF ni 110,000, kodi ni 125,500 na mkopo ni 165,000. Mkononi inabaki 699,500. Ameahidiwa kupandishwa na ameshuka kwa 192,500 kila mwezi. Akirudi kusema kwamba mshahara wake halisi ni 1,500,000, anaonekana mtu anayebadilisha maneno baada ya kuona ofa. Mara nyingi hapo mazungumzo yanakufa, na hakuna aliyedanganya.

Dawa ni maneno mawili: taja kipimo. "Mshahara wangu ni milioni moja na laki tano kwa mwezi, kabla ya makato." Kama una posho ya nyumba au usafiri, itenge: "Msingi ni milioni moja na laki mbili, posho laki tatu." Kuitenga kuna maana, kwa sababu makato ya Bodi ya Mikopo yanahesabiwa kwenye msingi. Mishahara miwili yenye jumla sawa inaweza kukuachia hela tofauti. Kama mwajiri wako wa sasa analipia bima ya afya ya familia, itaje pia, maana ukiikosa kwenye kazi mpya utailipia mwenyewe.

Usiongeze namba ya mshahara wa sasa. Zaidi ya suala la uaminifu, inajulikana. Waajiri wengi huomba slipu za mishahara za miezi mitatu kabla ya kutoa mkataba, na hata taarifa ya michango ya NSSF inatosha kukufichua. Mchango mzima, wako na wa mwajiri, ni asilimia 20. Ukionekana 300,000 kwa mwezi, mshahara ni 1,500,000 na hauwezi kuwa milioni mbili. Kama hutaki kuutaja, una haki ya kusema hivyo kwa upole: "Ningependa tuzungumzie zaidi nafasi hii na kiwango ninachotarajia." Wengine watakubali, wengine watasisitiza. Akisisitiza mara ya pili, tunashauri uutaje ulivyo, kwa sababu kubishana naye kwenye simu ya dakika kumi hakukusaidii.

Kuhusu unachotarajia, uliza kwanza, mara moja tu: "Samahani, nafasi hii imetengewa kiwango gani?" Mara nyingine utaambiwa, na umejiokolea kubahatisha. Ukirudishiwa swali, uwe na jibu tayari, lililokokotolewa kuanzia mkononi kurudi juu. Kwa mhasibu wetu, kila 100,000 inayoongezwa kabla ya makato inamwachia 48,000 tu, kwa sababu 10,000 inaenda NSSF, 27,000 kodi na 15,000 mkopo. Kama hesabu zake za kodi ya nyumba na ada zinadai 1,200,000 mkononi, haombi milioni moja na nusu wala milioni moja na laki nane. Anahitaji kama 2,150,000, inayomwachia 1,204,000. Asiyedaiwa mkopo anabaki na 63,000 katika kila laki, hivyo hesabu yake ni nyingine. Fanya yako kwa karatasi kabla simu haijaita.

Ukitoa kiwango cha kuanzia na kuishia, jua kwamba kitakachoandikwa ni cha chini. Ukisema "kati ya milioni moja na nusu na milioni mbili na nusu", umesema milioni moja na nusu. Sema, "Natarajia kati ya milioni mbili na laki moja na nusu na milioni mbili na laki nne, kabla ya makato, kutegemea posho na bima." Cha chini kiwe kile utakachosaini bila kinyongo. Jibu la "tutaelewana tu" au "kiwango cha kampuni" linaonekana la heshima, lakini kisanduku kinabaki wazi na atakayekijaza si wewe.

Kisha inakuja, "Unaweza kuanza lini?" Mwenye kazi akijibu "Hata kesho", ofisa anajiuliza kama atamwacha mwajiri mpya namna hiyohiyo. Tena jibu hilo lina gharama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 41, inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na siku 7 kama bado yuko kwenye mwezi wa kwanza wa ajira. Ukikataa kufanya kazi siku za notisi, mwajiri anaweza kukata kiasi cha mshahara wa siku hizo kwenye stahili zako. Mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi, mradi uwe sawa kwa pande zote mbili, na mameneja wengi wana miezi mitatu. Kwa hiyo soma mkataba wako kabla ya kujibu, usitegemee mazoea ya ofisini. Aliyeko Kenya atakuta siku 28 hizohizo kwenye Sheria ya Ajira ya 2007.

Kosa jingine ni kuahidi kwamba utatumia siku zako za likizo kufupisha notisi. Kifungu hichohicho kinakataza notisi kutolewa ukiwa likizo au kwenda sambamba na likizo. Mwajiri wako anaweza kukubali kukuachia mapema, lakini hilo ni la kuombwa. Usilipange kwenye simu na mtu wa tatu.

Jibu zuri lina siku na lina mwanzo wa kuhesabu: "Notisi yangu ni siku 28, na inaanza nikishasaini mkataba." Mfano, umesaini Ijumaa, ukapeleka barua Jumatatu tarehe 2 Machi. Siku 28 zinaisha Jumatatu tarehe 30, na Jumatano tarehe 1 Aprili unaweza kuripoti. Sehemu ya "nikishasaini" ni muhimu kuliko zote. Ofisa mwenye haraka atakuambia uanze kuandika barua ya kuacha kazi "maana meneja amekupenda". Usiandike. Kukupenda kwa meneja hakulipi pango endapo nafasi itasitishwa. Kama wanakuhitaji haraka kweli, uliza kama wako tayari kufidia siku za notisi utakazokatwa. Wapo wanaokubali, hasa karibu na kufunga mahesabu.

Asiye na kazi kwa sasa asione haya kusema yuko tayari, lakini naye ataje tarehe. "Jumatatu ijayo" inaandikika kuliko "muda wowote". Kama unaishi Mwanza na kazi iko Dar es Salaam, ongeza siku za kuhama na useme kama unatarajia msaada wa usafiri.

Simu ikiisha, usingoje. Ndani ya saa moja tuma ujumbe wa maandishi au barua pepe, mistari michache tu:

"Habari za mchana. Asante kwa mazungumzo kuhusu nafasi ya mhasibu. Kwa kumbukumbu: mshahara wangu wa sasa ni Sh 1,500,000 kwa mwezi kabla ya makato, natarajia Sh 2,150,000 hadi 2,400,000 kabla ya makato, notisi ni siku 28 kuanzia nitakaposaini mkataba. Nipo tayari kwa usaili siku yoyote ya wiki baada ya saa kumi jioni."

Ofisa ananakili namba kutoka hapo badala ya kukumbuka. Na usipojibiwa kwa muda aliokutajia, muulize kwa kujibu ujumbe huohuo ili namba zibaki mbele ya macho yake. Kama hakutaja muda, siku tano za kazi zinatosha kusubiri kabla ya kuuliza.