Fahirisi kupanda huku hisa nyingi zikishuka

"Jana kampuni nyingi zilishuka bei, lakini fahirisi ya soko ilipanda. Inawezekanaje?"

Ndugu, fahirisi nyingi hazihesabu ni kampuni ngapi zimepanda, bali hujumlisha thamani ya soko ya kila kampuni, yaani bei ya hisa mara idadi ya hisa, kisha jumla hiyo hugawanywa kwa kigawanyo kilichowekwa tangu mwanzo. Chukua kampuni tatu zenye thamani ya bilioni 800, 150 na 50: jumla ni bilioni 1,000, na kigawanyo cha bilioni 10 kinatoa pointi 100. Ya kwanza ikipanda kwa asilimia 2, inaongeza bilioni 16; ya pili ikishuka kwa asilimia 5 na ya tatu kwa asilimia 6, zote mbili zinapunguza bilioni 10.5 tu, hivyo fahirisi inafika pointi 100.55. Kama kila kampuni ingepewa uzito sawa bila kujali ukubwa wake, fahirisi ingeonyesha hasara ya asilimia 3 siku hiyo hiyo.

Sioni udanganyifu hapo, kwa kuwa hesabu ya kwanza inaeleza kwa usahihi kilichozipata fedha za wenye hisa wote kwa pamoja. Hali ya kampuni ya kawaida itafute kwenye fahirisi ya uzito sawa yenye kampuni zilezile. Pengo kati ya fahirisi hizo mbili likipanuka, ujue soko linabebwa na kampuni chache.